Vituko Vinane vya Jina la Msambazaji, Kuanzia Kinachosamehewa Hadi Kinachokula Pesa

Kwenye orodha ya wasambazaji ya kampuni yako kuna mtu mmoja anayeishi maisha manne. Unabisha? Ipange kwa alfabeti, ushuke taratibu, utamkuta. Kwanza kwa herufi kubwa, kisha na nukta, kisha bila Ltd, kisha kwa tahajia ya karani aliyeacha kazi zamani.

Siku hizi mambo yamenoga zaidi. Ankara zinaskaniwa, programu inasoma jina la muuzaji, namba ya ankara, tarehe na kiasi, halafu mfumo wa uhasibu unaulizwa: huyu ni nani kati ya wale tunaowajua? Swali dogo. Majibu yake ndiyo yanayowafanya wahasibu wale chakula cha mchana saa kumi.

Muuzaji wetu wa mfano tumembuni wenyewe, kwa hiyo usihangaike kumtafuta Kariakoo: `Kilulu Hardware & General Supplies Ltd`, rekodi namba W-014. Majina mengine ya maduka humu nayo ni ya kubuni. Na kama unajiuliza kelele zote hizi za nini, sikiliza. Mifumo mingi hukagua namba ya ankara iliyojirudia ndani ya msambazaji mmoja tu. Ankara 0457 ya shilingi 2,360,000 ikiingia leo chini ya Kilulu, na nakala yake ikaingia wiki ijayo chini ya “Kilulu” mwingine aliyezaliwa kwa makosa ya tahajia, mfumo unaona watu wawili na unanyamaza. Inalipwa mara mbili. Wala usitegemee Kilulu apige simu kulalamika.

Haya, tunahesabu kurudi nyuma. Ugomvi unaruhusiwa.

8. Nafasi isiyoonekana

Unaangalia majina mawili kwenye skrini, yanafanana kama mapacha, fomula inakataa kata kata. VLOOKUP haijali herufi kubwa wala ndogo, lakini ukiitaka ikupe jina lilelile kamili, nafasi moja mwishoni inatosha kuifanya iape kwamba haijawahi kumwona mtu huyo. Unakimbilia TRIM, na bado inagoma, kwa sababu nafasi iliyokuja na maandishi ya mtandaoni au ya faili la PDF mara nyingi ni ya aina nyingine, herufi namba 160, ambayo TRIM huipita kama haioni. Kujua ni rahisi: pima jina kwa LEN. `KILULU HARDWARE` ni herufi 15 pamoja na nafasi yake. Ukiambiwa 16, kuna mtu amejificha. Mtoe hivi:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(UPPER(A2),CHAR(160)," "))
```

Hukumu: kosa la kitoto. Asamehewe, ila mama yake aitwe shuleni.

7. Ltd, Limited, Co., Company, na yule M/S anayetangulia mbele

Hakuna anayejua M/S anafanya nini mbele ya jina la kampuni, lakini kila karani wa kizazi fulani anamwandika kwa heshima zote. Kwenye nakala ya kulinganishia, kata M/S, kata Ltd na ndugu zake wote, geuza `&` iwe nafasi. Jina la asili liache kama lilivyo kwenye safu yake. Utalihitaji siku mkaguzi akija.

Ila kisu kisivuke mpaka. Kwa hatua hii, kata maneno yanayotaja aina ya usajili tu. `Kilulu Transport Ltd` na `Kilulu Hardware Ltd` zinaweza kuwa za tajiri mmoja na zikakaa jengo moja, lakini kisheria ni kampuni mbili, kila moja na TIN yake. Ukikata mpaka ukabaki na “Kilulu” halafu ukaridhika, umeziozesha kampuni bila mahari.

Hukumu: kazi ya dakika tano kwa mwenye akili, ya miezi kwa mwenye haraka.

6. Macho ya skana

Karatasi ya risiti ya mashine inafifia ikikaa kwenye dashibodi ya gari, na programu inayoisoma inajaza mapengo kwa ujasiri wa mtabiri. Herufi l inakuwa 1, O inakuwa 0, S inakuwa 5, B inakuwa 8, na r ikikaa karibu na n inazaliwa m. Ndiyo maana Kilulu anaingia kwenye mfumo akiitwa `Ki1u1u`, jina ambalo linafaa zaidi kuwa nywila.

Kanuni ni nyepesi. Tarakimu iliyobanwa katikati ya herufi ndani ya neno moja, igeuze herufi. Kwenye TIN fanya kinyume: herufi iliyojipenyeza kati ya tarakimu, igeuze tarakimu. Tarakimu zinazosimama peke yake zisiguswe, kwa sababu kuna mafundi wanaoita gereji zao “2000” na wanamaanisha.

Hukumu: mshitakiwa ni mashine, haina aibu, songa mbele.

5. Juma Salehe na Salehe Juma

Hapa ndipo utamu unapoanza. Wasambazaji wengi wadogo si kampuni, ni watu, na majina ya watu yanahamahama. Ankara inasema `Juma Salehe`, vocha inasema `Salehe, Juma`, mkataba una majina matatu. Programu ya OpenRefine ina mbinu safi kwa hili inayoitwa `fingerprint`: inageuza herufi zote kuwa ndogo, inaondoa alama, inatenganisha maneno, inayapanga kwa alfabeti, inafuta yaliyojirudia, inayaunganisha. Juma Salehe anakuwa `juma salehe`. Salehe Juma naye anakuwa `juma salehe`. Safi!

Safi kwa waliobuni mbinu hiyo. Kwetu sisi, mzee Salehe, mwana wa Juma, anaitwa Salehe Juma. Anapata mtoto wa kiume, anampa jina la babu yake, na mtoto anaitwa Juma Salehe. Mzee anauza mbao, kijana anauza rangi, maduka yamepakana, na mbinu yako safi imewafanya mtu mmoja. Malipo ya mbao yakiingia kwa kijana, hiyo si kesi ya uhasibu tena, ni kikao cha ukoo.

Hukumu: mpangilio wa maneno upuuze kwa kampuni. Kwa mtu binafsi, jina likilingana baada ya kupinduliwa, liende kwa binadamu alitazame.

4. VLOOKUP iliyosahau neno la mwisho

Hiki si kituko cha jina, ni kituko cha fomula, lakini mimi ndiye ninayepanga orodha. Kuna watu wazima, wenye vyeti, wanaoamini kwamba VLOOKUP ikiachiwa bila `FALSE` mwishoni itatafuta “jina linalokaribia”. Wamesoma kwamba ni ulinganishaji wa kukadiria, wakafurahi. Lakini fomula hiyo haikadirii tahajia hata kidogo. Inadhani orodha imepangwa kwa alfabeti, kisha inarudisha jina la mwisho ambalo halijalipita lile unalolitafuta.

Tazama. Orodha yako imepangwa vizuri: `Kilolo Hardware`, `Kilulu Hardware`, `Kitope Stores`. Unatafuta `Kiruru Hardware`, tahajia mbovu ya Kilulu. Fomula inashuka, inaona Kitope imepitiliza, inarudi nyuma hatua moja, inakupa Kilulu. Sahihi! Unapiga kifua. Sasa tafuta `Kilulo Hardware`, Kilulu yuleyule aliyekosewa herufi moja tu. O inatangulia U, kwa hiyo Kilulu amepitiliza, na fomula inakupa Kilolo, duka la mtu mwingine kabisa. Makosa mawili ya herufi yamepata jibu sahihi, kosa la herufi moja limepata jibu la uongo, na yote mawili yametolewa kwa sauti ileile ya kujiamini. Na orodha ikiwa haijapangwa kwa alfabeti, hapo hata bahati haipo.

Namna ya kuigundua ofisini kwako: jaribu jina la kipuuzi, tuseme `Kindondondo`. Fomula nzuri itajibu `#N/A`. Fomula mbaya itakutajia msambazaji halisi, na namba yake ya rekodi, bila kupepesa macho.

Hukumu: kifungo cha maisha, bila dhamana.

3. R na L, pamoja na Mmarekani wa 1918

Kilulu, Kiruru, Kiluru. Sote tunajua ni nani. Karani aliyeandika kwa simu huku lori linashusha saruji aliandika alichosikia, na hakuna wa kumlaumu. Nchi nzima inabadilishana R na L bila riba.

Sasa fundi wa kompyuta anakuja na suluhisho: kuna mbinu ya kulinganisha majina kwa matamshi, imo ndani ya hifadhidata tayari, inaitwa `SOUNDEX`. Kweli ipo. Robert C. Russell aliipatia hataza Marekani mwaka 1918, akiyafikiria majina kama yanavyotamkwa huko. Inahifadhi herufi ya kwanza, inatupa irabu, na konsonanti zilizobaki inazipa namba. L ni 4. R ni 6. Umeshaona tunakoelekea?

Kilulu anapewa K440. Kiruru, ambaye ni yeye mwenyewe, anapewa K660: watu wawili tofauti. Kilolo, ambaye ni duka jingine, anapewa K440: mtu mmoja na Kilulu, kwa sababu irabu zimetupwa, na tofauti yao yote ilikuwa kwenye irabu. Yaani mbinu imekosea pande zote mbili kwa mkupuo, imemkana ndugu na kumkumbatia jirani. Kama haitoshi, Mohamed na Mahmoud wote inawapa M530. Nenda kawaambie wenyewe.

Cha kufanya ni kutunga kanuni za hapa nyumbani. Kwenye nakala ya kulinganishia tu, R zote zigeuze L, herufi pacha zipunguze ibaki moja, na `dh` na `th` zigeuze `z`, ili Ramadhani na Ramazani wakutane. Irabu usiguse; katika majina yetu irabu ndizo zinazobeba nusu ya habari. Kiruru anakuwa Kilulu hapohapo, na Kilolo anabaki kwake. Kanuni hizi zinapendekeza tu. Kuna majina yanayotofautiana kwa R na L kihalali kabisa, kwa hiyo kinacholingana hapa kinahitaji shahidi wa pili.

Hukumu: mbinu arudishiwe mwenyewe na shukrani, aitumie kwao.

2. Jina la ubaoni, jina la risiti, jina la Lipa Namba

Tahajia yote ikinyooka, bado kuna huyu. Ubao wa duka unasema `Mama Neema Catering`. Risiti ya mashine ya EFD inasoma jina la mtu aliyesajiliwa, ambalo ni la mume. Ukilipa kwa simu, Lipa Namba inakutajia jina la tatu, pengine la mdogo wake aliyekwenda kuisajili. Hakuna neno hata moja linalofanana kati ya majina hayo, kwa hiyo hakuna hesabu ya tahajia itakayokuokoa.

Kinachookoa ni TIN, ambayo Tanzania ina tarakimu 9. Kwa wenzetu Kenya ni PIN ya mamlaka ya mapato: herufi, tarakimu 9, herufi, na ya kampuni huanza na P. Futa vistari na nafasi, linganisha namba kwa namba, na jina liwe shahidi wa pili badala ya wa kwanza. Ukifanya hivi tu, nusu ya ugomvi wa orodha hii unakufa.

Nusu nyingine inabaki hai, kwa sababu TIN nayo ina vituko. Mtu binafsi ana TIN moja hata akiwa na biashara tatu, kwa hiyo duka la vipuri na mgahawa vinaweza kuja na namba ileile. Hapo rekodi ni moja, na majina ya biashara yanaandikwa ndani yake. Kampuni yenye matawi nayo ni TIN moja, ila akaunti za benki zinaweza kutofautiana. Na programu ikikosea tarakimu moja ya TIN, utapata namba isiyo ya mtu au, mbaya zaidi, namba ya mtu mwingine uliye naye kwenye orodha. Kwa hiyo TIN ikikubali na jina likakataa kabisa, simamisha, tazama karatasi yenyewe.

Hukumu: Mama Neema hana kosa. Aliyeandika rekodi bila kuuliza TIN ndiye mwenye kesi.

1. Jirani anayefanana mno

Tumefika. Kituko namba moja si jina linaloonekana tofauti, ni lile linaloonekana sawa.

Mbinu maarufu ya kupima ukaribu wa maneno ilitolewa na Vladimir Levenshtein mwaka 1965: hesabu ni herufi ngapi ubadilishe, uongeze au ufute ili neno moja liwe jingine. Wengi huigeuza kuwa asilimia kwa kugawa na urefu wa jina refu zaidi, kisha wanaweka mstari: kuanzia asilimia 85, unganisha.

Haya, tupime. Baada ya kusafisha, rekodi yetu ni `KILULU HARDWARE GENERAL SUPPLIES`, herufi 32 pamoja na nafasi. Ankara ya kwanza inasema `KILOLO HARDWARE GENERAL SUPPLIES`. Herufi mbili tu zimebadilika kati ya 32, kwa hiyo ukaribu ni asilimia 94. Mfumo unapiga muhuri: ni yeye. Si yeye. Ankara ya pili inasema `KILULU HW`, kama muuzaji mwenyewe anavyojiandika kwenye kitabu chake cha risiti. Herufi 23 zinakosekana, ukaribu ni asilimia 28. Mfumo unasema: mgeni, mfungulie rekodi mpya. Si mgeni.

Kwa hiyo mgeni kapata 94 na mwenyeji kapata 28. Usiguse mstari ukidhani utasaidia. Ukiushusha, Kilolo aliyekwisha kuingia anawaleta jamaa zake wote, ukiupandisha hadi 95 Kilulu HW bado yuko nje. Mstari hauna kosa. Kosa ni kwamba herufi 26 kati ya zile 32 ni “Hardware General Supplies” na nafasi zake, maneno ambayo nusu ya mtaa unayo, na yamepewa uzito sawa na neno pekee linalomtambulisha mtu.

Ondoa basi maneno ya kawaida kabla ya kupima: Hardware na kifupi chake HW, General, Supplies, Enterprises, Investment, Traders. Orodha hiyo unaipata kwa kuhesabu maneno yanayojirudia zaidi kwenye orodha yako mwenyewe. Yanabaki majina yenyewe. KILULU kwa KILULU, asilimia 100. KILULU kwa KILOLO, herufi mbili kati ya sita, asilimia 67. Mambo yamepinduka na kukaa sawa, bila kununua programu mpya.

Baada ya hapo gawa ankara mafungu matatu. TIN inakubali na jina linakaribia: pita. Kimoja kinakubali na kingine kinasitasita au hakisomeki: mtu atazame. Hakuna kinachokubali: usifungue rekodi mpya mpaka TIN ipatikane, hata bosi akisimama mlangoni. Na kila mtu anapoamua kwamba `KILULU HW` ni W-014, uamuzi huo uandikwe kwenye jedwali la majina mbadala: jina kama lilivyosomwa, namba ya rekodi, aliyeamua, tarehe. Ankara ijayo haitauliza tena.

Kwa nini jirani anashika namba moja? Kwa sababu ukimwandika Kilulu mara mbili, unaweza kugundua mwisho wa mwezi, taarifa yake ya hesabu ikikataa kukubaliana na yako. Ukimwunganisha na Kilolo, pesa imekwenda benki kwa jina la mtu asiyekudai, na anayekudai yuko mlangoni. Tena kuna programu zisizo na mlango wa kurudi: kwenye QuickBooks, ukibadilisha jina la msambazaji likawa sawa na la mwingine, itakuuliza kama uwaunganishe, na ukikubali hakuna kitufe cha kuwatenganisha.

Hukumu: bingwa, kwa kura zote.

Unaona Juma Salehe ameonewa kuwekwa namba 5? Unadhani M/S alistahili nafasi ya juu kwa utovu wa nidhamu? Tutagombana, lakini njoo na ushahidi. Toa TIN zote za wasambazaji wako kwenye safu B, futa vistari na nafasi, kisha andika hii kwenye safu ya pembeni na uiburute hadi chini:

```
=COUNTIF(B:B,B2)
```

Seli za TIN zilizo tupu zipuuze. Kila inapotokea 2 au zaidi, tazama majina yaliyopo mbele yake, na angalia ni mangapi yamelipwa mwaka huu.